Kusoma Nukta, Kukagua Mistari: Zoezi la Grafu Hatua kwa Hatua

Zoezi la grafu linaloandaliwa kwa wanaoanza kujifunza jometri ya majiranukta huwa na sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwanafunzi hupewa gridi yenye nukta zilizopewa herufi, na kazi yake ni kuandika mahali ilipo kila nukta kwa kutumia jozi ya namba. Katika sehemu ya pili gridi huwa na mistari iliyokwisha kuchorwa, na kando ya kila mstari huandikwa mlinganyo. Baadhi ya milinganyo hiyo ni sahihi na mingine imekosewa kwa makusudi. Mwanafunzi anatakiwa kusema upi ni sahihi na upi si sahihi, kisha kuurekebisha uliokosewa. Sehemu ya pili inasimama juu ya ya kwanza: anayekosea kusoma nukta hawezi kukagua mstari, hata kama kanuni zote anazijua kwa moyo.

Gridi inayotumika katika maelezo haya ni ya kawaida. Mistari miwili minene inakatana katikati kwa pembemraba. Mmoja umelala, nao ni mhimili wa x. Mwingine umesimama, nao ni mhimili wa y. Mahali inapokatana panaitwa chanzo, na hapo namba ni sifuri kwa mihimili yote miwili. Kulia kwa chanzo namba za x ni chanya na kushoto ni hasi. Juu ya chanzo namba za y ni chanya na chini ni hasi. Kila mhimili unaanzia −6 na kuishia 6, na upande wa kila mraba mdogo ni sawa na moja. Msomaji mwenye daftari la hesabu la miraba anaweza kuichora kwa rula na penseli, akafuata mfano wote kwa mkono wake.

Kusoma nukta

Mahali pa nukta hutajwa kwa namba mbili zilizowekwa ndani ya mabano na kutenganishwa kwa mkato. Jozi hiyo ndiyo majiranukta yake. Namba ya kwanza ni ya x, inayoeleza nukta iko umbali gani kulia au kushoto kwa chanzo. Namba ya pili ni ya y, inayoeleza iko umbali gani juu au chini. Njia ya kusoma ni ileile kwa nukta zote. Kutoka kwenye nukta, jicho hufuata mstari wa wima wa gridi mpaka kwenye mhimili wa x, na namba iliyopo hapo ndiyo inayoandikwa kwanza. Kisha jicho hurudi kwenye nukta ileile, likafuata mstari wa mlalo mpaka kwenye mhimili wa y, na namba ya hapo ndiyo ya pili.

Kwenye gridi ya mfano kuna nukta saba: A(3, 2), B(2, 3), C(−4, 1), D(−2, −5), E(0, 4), F(5, 0) na G(−2.5, 3). Hazikuwekwa ovyo, kwani kila moja imelengwa kwenye kosa ambalo wanaoanza hulifanya mara kwa mara.

A na B zimewekwa jirani ili kumnasa anayegeuza mpangilio. Anayesoma y kabla ya x ataandika majibu hayo mawili kinyume, na kwa kuwa namba ni zilezile, huenda asigundue. Mpangilio wa kuanza na mlalo haupo kwenye hesabu tu. Kwenye ramani za mandhari za Tanzania na Kenya zenye skeli ya 1:50,000, ambazo kila mraba wa sentimeta 2 ni kilometa 1 ardhini, namba ya kwenda mashariki pia husomwa kabla ya namba ya kwenda kaskazini. Hata hivyo kuna tofauti inayowachanganya wanafunzi waliozoea ramani. Kwenye ramani, tarakimu 4 za gridi hutaja mraba mzima, yaani eneo la kilometa moja kwa moja. Kwenye grafu, majiranukta hutaja mahali mistari ya gridi inapokatana, wala si nafasi iliyo kati ya mistari. Anayehesabu nafasi kwa kuanzia moja, badala ya kusoma namba iliyo chini ya mstari, hukosea kwa mraba mmoja kila mara.

C na D ni za kupima alama za hasi. D iko kushoto na chini, kwa hiyo namba zake zote mbili ni hasi. C iko kushoto lakini juu, kwa hiyo x ni hasi na y ni chanya. Njia rahisi ya kujikagua ni kutazama nukta imeangukia robo ipi kati ya robo nne zinazotengwa na mihimili, kabla ya kusoma namba yoyote. Jibu la (4, 1) kwa nukta iliyo kushoto kwa chanzo linajikataa lenyewe.

E na F ziko juu ya mihimili. Nukta iliyo juu ya mhimili wa y haijaenda kulia wala kushoto, ndiyo maana x yake ni 0. Iliyo juu ya mhimili wa x haijapanda wala kushuka, ndiyo maana y yake ni 0. Kosa linalotokea hapa ni kuandika namba moja tu, au kuiweka sifuri upande usio wake. Mkanganyiko hutokana na kwamba E, iliyo juu ya mhimili wa y, ndiyo yenye sifuri kwenye nafasi ya x. Kosa hilo huleta hasara baadaye, kwa sababu ukaguzi wa mistari hutumia sana mahali mstari unapokata mihimili.

G iko katikati ya mistari miwili ya gridi, upande wa hasi. Kwenye upande wa chanya, nukta iliyo nusu ya njia kati ya 2 na 3 ni 2.5, na hakuna anayesita. Upande wa hasi wengi hufika kwenye −2 kutoka kushoto, kama wanavyosoma sentensi, kisha huongeza nusu na kuandika −1.5, au huanza na −3 na kuandika −3.5. Dawa yake ni kuhesabu kuanzia sifuri na kwenda kushoto: −1, −2, halafu nusu ya hatua inayofuata, yaani −2.5.

Mlinganyo unadai nini

Mnamo 1637, huko Leiden, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu kilichoambatanishwa na insha ya jometri, ambamo alionyesha jinsi mchoro unavyoweza kuelezwa kwa mlinganyo. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alikuwa amefikia wazo hilohilo kwa njia yake. Katika michoro ya Descartes hakuna gridi yenye mihimili miwili iliyoandikwa namba chanya na hasi kama ya leo. Umbo hilo lilikamilishwa na waliomfuata. Alichokiacha ni uhusiano wenyewe: mstari ni mkusanyiko wa nukta zote zinazotimiza sharti fulani, na sharti hilo huandikwa kwa x na y.

Mlinganyo y = 2x + 1, kwa mfano, unadai kwamba kwenye kila nukta ya mstari huo, namba ya y ni mara mbili ya namba ya x, ukiongeza moja. Nukta (2, 5) inatimiza dai hilo, kwa sababu mara mbili ya 2 ni 4, na 4 ukiongeza 1 ni 5. Nukta (3, 2) hailitimizi, kwa sababu mara mbili ya 3 ukiongeza 1 ni 7, si 2. Kwa hiyo nukta ya kwanza iko juu ya mstari na ya pili haiko. Kukagua mlinganyo wa mstari uliochorwa ni kuuliza swali hilo kwa nukta zinazoonekana kwenye mstari wenyewe: je, zinatimiza kinachodaiwa?

Swali linalobaki ni nukta ngapi zinatosha. Kupitia nukta moja inawezekana kuchora mistari isiyo na idadi, kila mmoja ukiwa na mlinganyo wake. Kupitia nukta mbili tofauti unapita mstari mnyoofu mmoja tu. Ndiyo maana nukta moja iliyokubali haithibitishi chochote, lakini nukta mbili zikikubali, mlinganyo ni wa mstari huo na hauwezi kuwa wa mwingine. Kwa upande mwingine, nukta moja iliyokataa inatosha kuuangusha mlinganyo. Katika mazoezi mengi ya darasani makosa ya ukaguzi hutokana na kusahau nusu ya kwanza ya kanuni hii: mwanafunzi hujaribu nukta moja, ikakubali, akaweka alama ya vyema na kuendelea.

Mistari mitano kwenye gridi

Kwenye sehemu ya pili ya zoezi kuna mistari mitano. Kila mmoja umechorwa kupitia nukta mbili zilizo kwenye makutano ya gridi, na kando yake umeandikwa mlinganyo unaodaiwa kuwa wake.

| Mstari | Nukta mbili unazopitia | Mlinganyo ulioandikwa |
|---|---|---|
| K | (0, 1) na (2, 5) | y = 2x + 1 |
| L | (0, 4) na (4, 0) | y = x + 4 |
| M | (0, −2) na (6, 1) | y = 2x − 2 |
| N | (−3, 0) na (−3, 5) | y = −3 |
| P | (0, 2) na (3, 0) | 2x + 3y = 6 |

Mstari K ni sahihi. Kwenye (0, 1), mara mbili ya 0 ukiongeza 1 ni 1. Kwenye (2, 5) imekwisha kuonekana kwamba hesabu inakubali. Hapo kazi imekwisha, ingawa nukta ya tatu ina faida yake, kwa kuwa hufichua kosa la kusoma au la kukokotoa. Mstari huu ukirefushwa kushuka kushoto unapita (−3, −5). Mara mbili ya −3 ni −6, na −6 ukiongeza 1 ni −5, kwa hiyo inakubali. Wanaoanza huteleza hapa kwa kuandika −7, kwa kudhani kwamba kuongeza kwenye namba hasi kunaifanya iwe hasi zaidi. Nukta mbili zinapokubali na ya tatu inapokataa, cha kutiliwa shaka ni hesabu ya nukta hiyo ya tatu au usomaji wake, kabla ya kuushuku mstari.

Mstari L ndio mtego mkuu. Nukta ya kwanza, (0, 4), inakubaliana na y = x + 4, kwa kuwa 0 ukiongeza 4 ni 4. Anayeishia hapo ataupitisha. Nukta ya pili, (4, 0), inakataa: 4 ukiongeza 4 ni 8, ilhali y ni 0. Kosa linajulikana hata kabla ya hesabu kwa kuutazama mstari wenyewe. Ukitoka kushoto kwenda kulia unashuka, lakini mlinganyo wenye x chanya mbele yake unadai mstari unaopanda. Kinachokosekana ni alama ya kutoa, na mlinganyo sahihi ni y = −x + 4, ambao pia huandikwa x + y = 4. Namna hii ya pili ni nyepesi kukaguliwa, kwa sababu inadai tu kwamba namba mbili za kila nukta zikijumlishwa zitoe 4. Nukta (1, 3), (2, 2), na hata (−2, 6) zote ziko juu ya mstari huo na zote zinatoa 4.

Mstari M una mtego wa aina nyingine. Unakata mhimili wa y kwenye −2, kama mlinganyo unavyosema, na unapanda, kama mlinganyo unavyodai. Anayetazama mambo hayo mawili tu atauona kuwa sawa. Lakini kwenye (6, 1), mara mbili ya 6 ukitoa 2 ni 10, si 1. Mlinganyo unadai mstari mkali kuliko uliochorwa. Kutoka (0, −2) hadi (6, 1) mstari umekwenda miraba 6 kulia na kupanda miraba 3 tu. Kwa kila mraba mmoja wa kwenda kulia umepanda nusu mraba. Mlinganyo sahihi ni y = ½x − 2. Aliyeuandika vibaya aligawanya mwendo wa mlalo kwa kupanda, badala ya kugawanya kupanda kwa mwendo wa mlalo, akapata 2 badala ya nusu. Ni kosa linalofichika vizuri, kwa sababu alama na mahali pa kukata mhimili vyote viko sawa.

Mstari N umesimama wima. Kila nukta yake ina x ambayo ni −3, huku y ikibadilika apendavyo msomaji: (−3, 0), (−3, 5), (−3, −4). Kitu pekee kinachofanana kwenye nukta hizo ni x, kwa hiyo mlinganyo wake ni x = −3. Mlinganyo y = −3 ni wa mstari mwingine, uliolala, unaopita miraba mitatu chini ya chanzo. Mkanganyiko huu ni ndugu wa ule wa nukta E na F: mstari wa wima uko sambamba na mhimili wa y, lakini mlinganyo wake hauna y ndani yake. Njia ya kuepuka kubahatisha ni kuandika majiranukta ya nukta mbili za mstari na kutazama ni namba ipi haikubadilika.

Mstari P ni sahihi, ingawa wengi huukataa. Kwenye (0, 2), mara mbili ya 0 ni 0, mara tatu ya 2 ni 6, na jumla ni 6. Kwenye (3, 0), mara mbili ya 3 ni 6, mara tatu ya 0 ni 0, na jumla ni 6. Zote zimekubali. Wanaoukataa huona 2 mbele ya x wakadhani mstari unapaswa kupanda miraba miwili kwa kila mraba mmoja, jambo ambalo ni kweli tu pale y inapokuwa peke yake upande mmoja wa alama ya sawasawa. Hapa haiko peke yake. Ikitengwa, mlinganyo huwa y = −⅔x + 2, na unaonekana wazi kuwa wa mstari unaoshuka. Lakini kwa ukaguzi hakuna haja ya kuutenga. Kuweka namba za nukta mbili kwenye mlinganyo kama ulivyoandikwa ni njia fupi na haina nafasi ya kukosea alama wakati wa kuhamisha.

Mteremko na mahali pa kukata

Kupima nukta mbili kunatosha kuupitisha au kuukataa mlinganyo. Kuusahihisha uliokataliwa kunahitaji kitu kingine, yaani kuujenga mlinganyo kutoka kwenye mchoro. Mstari wowote usio wa wima unaweza kuandikwa y = mx + c. Herufi c ni namba ya y pale mstari unapokata mhimili wa y. Herufi m ni mteremko: kiasi ambacho mstari hupanda kwa kila hatua moja ya kwenda kulia. Ukishuka, m ni hasi.

Mteremko hupatikana kwa nukta mbili. Tofauti ya y inagawanywa kwa tofauti ya x, na tofauti zote mbili lazima zichukuliwe kwa mpangilio mmoja. Kwa mstari P, ukianza na (3, 0) na kutoa (0, 2), tofauti ya y ni 0 − 2 = −2 na tofauti ya x ni 3 − 0 = 3, kwa hiyo mteremko ni −⅔. Ukianza na nukta ya pili juu na ya kwanza chini, alama inageuka na mstari unaoshuka unapewa mteremko wa chanya. Mtazamo mmoja wa mchoro unatosha kulikamata kosa hilo. Kwa mstari N, tofauti ya x ni sifuri, na kugawanya kwa sifuri hakuna jibu; ndiyo maana mstari wa wima hauna mteremko na hauwezi kuandikwa kwa umbo la y = mx + c.

Nukta mbili zinazochaguliwa ziwe mbali moja na nyingine, na ziwe pale mstari unapopita kwenye makutano ya gridi. Sababu ni ya kimahesabu. Tuseme msomaji amekosea kusoma y ya nukta moja kwa 0.2, yaani moja ya tano ya mraba, kosa ambalo penseli nene huleta bila shida. Nukta hizo zikiwa umbali wa mraba mmoja kwa mlalo, mteremko utakosewa kwa 0.2. Zikiwa umbali wa miraba 10, kosa hilohilo litagawanywa kwa 10, na mteremko utakosewa kwa 0.02 tu.

Miraba inapokuwa si moja

Mpaka hapa kuhesabu miraba na kusoma mihimili vilitoa jibu moja, kwa sababu kila mraba ulikuwa na thamani ya moja pande zote mbili. Mazoezi ya hatua inayofuata hubadilisha skeli, na hapo njia hizo mbili huachana. Tuchukue grafu ya tangi linalojazwa maji. Mhimili wa x ni wa muda, na kila mraba ni dakika 2. Mhimili wa y ni wa maji, na kila mraba ni lita 10. Mstari unaanzia lita 20 wakati wa sifuri na kufika lita 100 baada ya dakika 8. Mlinganyo ulioandikwa kando ni y = 2x + 20.

Anayehesabu miraba ataona mstari umepanda miraba 8 na kwenda kulia miraba 4, atagawanya, atapata 2, na kuupitisha mlinganyo. Anayesoma mihimili ataona maji yameongezeka kwa lita 80 ndani ya dakika 8, yaani lita 10 kwa kila dakika, na atasema mlinganyo sahihi ni y = 10x + 20. Jibu la pili ndilo la kweli, na ukaguzi wa nukta unalithibitisha: kwenye dakika ya 8, mlinganyo wa kwanza unatoa lita 36, ilhali mstari wenyewe uko kwenye lita 100. Mteremko hupimwa kwa vipimo vya mihimili, na miraba ni msaada wa jicho tu. Kabla ya kugusa mstari wowote, jambo la kwanza ni kusoma namba mbili zinazofuatana kwenye kila mhimili na kujua mraba mmoja una thamani gani.

Mahali mistari inapokutana

Zoezi la aina hii mara nyingi humalizia kwa kuuliza mistari fulani inakutana wapi. Nukta ya makutano iko juu ya mistari yote miwili, kwa hiyo lazima itimize milinganyo yote miwili, na hilo linaipa kazi ya ukaguzi nguvu zaidi. Mistari K na L, baada ya L kusahihishwa, inaonekana kukatana kwenye (1, 3). Kwa K, mara mbili ya 1 ukiongeza 1 ni 3. Kwa L, 1 ukiongeza 3 ni 4. Yote yanakubali. Mistari L na M, baada ya kusahihishwa, inakutana kwenye (4, 0), na pia inakubali: kwa L, 4 ukiongeza 0 ni 4, kwa M, nusu ya 4 ukitoa 2 ni 0. Kama milinganyo ya awali isingesahihishwa, isingekubaliana na makutano yanayoonekana kwenye gridi, na hiyo ingekuwa dalili kwamba kuna kosa mahali fulani.

Mistari K na P inaonyesha mpaka wa njia hii. Inakatana ndani ya mraba, si kwenye makutano ya gridi. Jicho linaweza kusema x ni kama 0.4 na y ni kama 1.8. Ukiweka 2x + 1 mahali pa y kwenye mlinganyo wa P, unapata 2x + 3(2x + 1) = 6, yaani 8x + 3 = 6, na x ni ⅜ au 0.375. Hapo y ni 1.75. Makadirio ya jicho yalikuwa mazuri, lakini ukiyaweka kwenye mlinganyo wa P yatatoa 6.2 badala ya 6. Tofauti hiyo ndogo haimaanishi kwamba mlinganyo umekosewa, bali kwamba nukta ilisomwa kwa kukadiria.

Kwa hiyo mwandaaji wa zoezi anayetaka ukaguzi uwe wa hakika huchagua kwanza nukta zilizo kwenye makutano ya gridi, ndipo achore mistari kupitia humo. Milinganyo ya uongo huijenga kutokana na makosa halisi: alama iliyogeuzwa, mteremko uliopinduliwa, x na y zilizobadilishana, skeli iliyopuuzwa. Anayekagua naye hufuata mpangilio ule kila mara: kusoma skeli, kuchagua nukta mbili zilizo mbali, kuziweka kwenye mlinganyo, na kutazama kama mstari unapanda au unashuka. Nukta mbili zilizosomwa vizuri zikikubali, mlinganyo ni wa mstari huo. Moja ikikataa, mlinganyo unaandikwa upya.